Salamu Niliyoipiga kwa Sauti Sokoni Bukavu

Niliondoka Muheto, kijijini kwetu katika milima ya Masisi, kwa sababu chifu alitaka barua ya kuomba mwalimu ifike Bukavu mkononi mwa mtu. Mimi nilikuwa karani wake. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru wa Kongo. Watu wa nyumbani mmenisikia nikisimulia safari ile mara nyingi, lakini nimekuwa nikiisimulia nusu. Leo naiandika yote.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kwa mama yake Gakwaya, kama nilivyofanya kila nilipotoka kijijini. Alikuwa anakamua. Nilisimama mlangoni mwa zizi nikasema, “Amashyo, Mama.” Hiyo ndiyo salamu ya wafugaji wetu: uwe na makundi ya ng'ombe. Akajibu bila kugeuka, “Amashongore,” makundi ya majike. Salamu ile haiachwi ikining'inia. Anayenyamaza ni kama amekutakia zizi tupu.

“Bukavu iko na watu mingi,” akasema. “Uangalie-angalie sura zao.”

Kila msafiri aliambiwa hivyo. Mwanawe Gakwaya alichukuliwa kwenda kuchimba mawe ya bati katika pori la Walikale, wakati wa vita vya Wazungu, na hakurudi. Mimi na Gakwaya tulikua pamoja. Sisi tulikuwa wakulima, wao wafugaji. Nilikunywa maziwa kwao, naye alikula viazi kwetu. Alinifundisha salamu yao kabla sijajua kusoma.

Kutoka Masisi lori liliteremka siku nzima. Majani ya malisho yaliisha, migomba ikaisha, kisha miti ikafunga pande zote mbili. Kila tulipopita njia nyembamba inayoingia porini, dereva aliielekeza kwa kidevu: “Ile inaenda kwa mawe.” Kila mara niligeuza uso.

“Papa karani, unaogopa chui?”

“Hapana.”

“Basi unaogopa nini?”

Niligeukia dirisha. Niliogopa karatasi moja. Mwaka ule wa vita, kila kilima kilitakiwa kutoa wanaume kadhaa, na orodha niliiandika mimi. Jina la mdogo wangu lilikuwamo. Nililifuta, na mahali pake nikaandika Gakwaya, kwa kuwa baba yake, Semana, alikuwa amekufa na hapakuwa na mwanamume wa kwenda kulalamika. Nilisomeshwa na mapadri ili niandike vizuri, na niliandika vizuri.

Pale Walikale nilikaribishwa na mzee aliyechimba bati ujana wake wote. Alinipa ugali wa muhogo na samaki wa mtoni. Nilimuuliza kama waliotoroka mgodini walipata kuishi.

“Wengine wako,” alisema. “Mutu anakufa, mwenzake anabeba kitabu yake ya utambulisho, anakimbia nayo. Anakuwa ule maiti. Jina ya maiti, kijiji ya maiti. Ukikutana naye, Papa, usimuite.”

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, siku mbili tu kabla ya kufika.

Bukavu, siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekwisha kukabidhi barua. Nilishuka sokoni Kadutu kutafuta kitenge cha mke wangu. Watu walisukumana, baiskeli zikipiga kengele, wanawake wakigombana juu ya mafungu ya samaki. Kwenye baraza la duka palikuwa na fundi cherehani aliyeinama. Alishika kitambaa kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba cha mkono ule kilikuwa kimepinda kuelekea nje. Kidole hicho kilivunjwa na kamba ya fahali mbele yangu, tukiwa watoto.

Furaha iliniondolea akili. “Gakwaya! Gakwaya wa Semana! Amashyo!”

Nikanyoosha mikono yote miwili. Marafiki wa muda mrefu hushikana juu ya viwiko, vifua vikikaribiana, na hawaachani mpaka wamalize kuulizana: baba, mama, watoto, ng'ombe. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Nilingoja mikono yake.

Gurudumu la cherehani lilisimama. Midomo yake ilianza kutengeneza jibu, nikaiona, kisha ikajifumba. Jasho likamtoka chini ya kofia.

“Papa,” akasema taratibu, “umenifananisha.”

Ndipo nikamwona polisi. Alikuwa hatua tano nyuma yangu, akikagua vitabu vya watu. Akaja.

“Gakwaya njo nani?” aliuliza. Akachukua kitabu cha fundi. “Hapa inaandikwa Anselme, mutu wa Buleusa. Weye, Anselme, huyu mzee anakujua?”

“Simujui, chef.”

Polisi akanigeukia. Nilikumbuka maneno ya mzee wa Walikale. Nilikuwa nimemwandika mara ya pili, safari hii kwa mdomo.

“Nimekosea,” nikasema. “Macho ya uzee. Nilidhani ni mtu wa kwetu.”

“Umeita kwa nguvu sana kwa mutu wa kukosea.” Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. “Basi musalimiane. Nione.”

Watu walisimama kutazama. Muuza chumvi mmoja akapaza sauti: “Mukumbatie, Papa! Ao unaogopa mikono yake?” Wakacheka.

Nilijua anachotafuta polisi. Mikono ya marafiki hujiendea yenyewe. Kwa hiyo nilitoa mkono mmoja, wa kulia, nikasimama mbali kadiri unavyosimama mbele ya mgeni, nikasema, “Yambo, Papa.”

“Yambo, Papa.”

“Habari ya mji?”

“Mji iko salama. Habari ya kule munatoka?”

“Salama.”

Hapo salamu ya wageni huisha. Lakini hakuniachia mkono mara moja. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. “Mvua inanyesha? Wamama wazee bado wanaweza kulima?”

Mgeni yeyote angeweza kuuliza hivyo. Lakini nilijua anauliza habari za nani.

“Mvua iko. Wazee wengi wamekwenda. Kuna mmoja pale Muheto, bado anakamua mwenyewe. Anangojea mwanawe.”

Alinibana mkono, mara moja tu. “Mungu amulinde,” akasema, akaniachia.

Polisi alimrudishia kitabu, akaniambia niende nikanunue miwani. Alipopotea kwenye msongamano nilipita tena mbele ya baraza, polepole, bila kusimama. Nilitaka kusema: ni mimi niliyekuandika. Gakwaya hakuinua kichwa. Alikanyaga cherehani ipige kelele, na chini ya kelele zile akasema, “Amashongore.” Kisha akasema, “Usirudi hapa.”

Sijui kama alijua habari ya orodha. Sijawahi kujua.

Nilirudi kwa njia ileile, na njia nzima niligeuka nyuma kila lori lilipotukaribia. Muheto nilifika jioni, nikaenda zizini kabla ya kwenda kwangu. Nilimweleza mama yake yote: kidole, polisi, mkono mmoja.

“Alikujibu?” aliuliza.

“Alinijibu.”

Alilia kwa furaha, akanikamulia maziwa kwenye kibuyu. Sikuweza kuyanywa. Nikiwa nimeshika kile kibuyu nikamwambia habari ya orodha, jina nililofuta na jina nililoweka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kibuyu mikononi mwangu, akawamwagia ndama.

Kesho yake asubuhi nilisimama mlangoni mwa zizi. “Amashyo, Mama.”

Aliendelea kukamua.

Nilisimama pale kila asubuhi kwa miaka minne, mpaka alipozikwa. Mwanawe, ambaye jibu lingeweza kumpeleka gerezani, alinijibu. Mama yake hakunijibu tena, naye alikuwa na haki.