Swali la Tatu: Mama wa Miaka Sabini na Minane

Miaka ile nilikuwa daktari wa wodi hapa Kolwezi, na mara moja kwa juma niliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho magonjwa ya wazee. Hakuna daktari aliyelitaka somo hilo. Nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa mgeni kazini, nami nililifundisha kutoka kwenye madaftari yangu ya zamani.

Ulipofika wakati wa mtihani, niliandika maswali matatu, kila moja kisa cha mgonjwa. Mawili niliyatunga. La tatu lilikuwa la mgonjwa wangu mwenyewe, aliyekufa miezi minane kabla.

Alikuwa mama wa miaka sabini na minane, mjane wa mfanyakazi wa mgodi aliyeletwa kutoka Kasai akiwa kijana. Aliishi Musonoi na binti yake, muuza unga sokoni. Binti ndiye aliyemleta kwa pikipiki, amemfunga kwa kitenge mgongoni mwa dereva asianguke.

"Dokta, mama iko anaanguka," aliniambia. "Akisimama tu, anaanguka. Sasa siku tatu hii, akili inaenda inarudi. Asubui ananijua, mangaribi ananiita jina ya dada yake mwenye alikufa."

Nilimwuliza mama siku za juma, azitaje kurudi nyuma. Alianza Jumapili, akafika Ijumaa, akasahau nimemwuliza nini. Nilijua jina la hali ile: akili iliyovurugika ghafla, inayopanda na kushuka, isiyoweza kushika jambo moja. Nilijua pia kwamba si ugonjwa wenyewe, ni moshi, na moto uko mahali. Nikautafuta moto haraka, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kipimo cha mkojo kilionyesha dalili za usaha. Basi, nikasema, ni mkojo una maambukizi. Nikamlaza wodini, nikaandika sindano za antibiotiki.

Presha nilimpima amekaa kitini, mara moja. Sikumpima amelala, kisha amesimama.

Usiku ule alisumbua. Aliteremka kitandani mara kwa mara, akivuta shuka, akilowanisha godoro kidogo kidogo. Niliitwa usiku uleule, nikaandika diazepamu ili atulie, nikamwambia binti, "Mushikilie, asishuke. Ni uzee na maambukizi, itapita."

Siku ya pili alishuka akaanguka, akavunjika paja. Kumpeleka Lubumbashi kwa upasuaji kulishindikana. Akalazwa chali. Cha ajabu, kesho yake akili ilirudi. Aliongea na binti yake vizuri kabisa, akauliza nani anauza unga sokoni. Mimi nikajisifu kimoyomoyo kwamba antibiotiki zimefanya kazi. Juma la tatu mapafu yalijaa, akafa.

Hicho ndicho kisa nilichokiandika, bila jina, kila kitu kama kilivyokuwa hadi paja lilipovunjika. Niliongeza hata dawa zake, ambazo binti aliniletea ndani ya mfuko wa plastiki baada ya paja kuvunjika: vidonge viwili vya presha vyenye majina tofauti ambavyo vilikuwa dawa ileile, ya kukojosha; amitriptilini kwa miguu iliyowaka moto; na prometazini ya usingizi, iliyonunuliwa farmasi bila karatasi ya daktari. Swali lilikuwa: eleza sababu za kuanguka na za kuvurugika akili, na useme ungefanya nini. Jibu langu la kusahihishia lilikuwa maambukizi ya mkojo kwanza, na dawa nyingi pembeni.

Wanafunzi wengi waliandika nilichotaka. Kisha nikafika kwenye karatasi ya mwanafunzi mmoja, mwanamke aliyezidi wenzake umri, aliyekaa daima karibu na dirisha. Aliandika hivi, kwa Kifaransa safi:

"Ningegusa tumbo la chini kabla ya kitu kingine. Amitriptilini na prometazini pamoja hukausha mwili na kukizuia kibofu kisijikamue. Mgonjwa anayelowanisha kidogo kidogo na kutaka kushuka kila saa huenda kibofu chake kimejaa hadi kinamwagika. Hasumbui, anatafuta choo. Kipimo cha mkojo peke yake kwa mzee hakitoshi kusema ana maambukizi. Ningeweka mpira wa mkojo, ningesimamisha dawa hizo mbili na kidonge cha presha kilichorudiwa, ningepima presha amelala na baada ya dakika moja na tatu amesimama. Diazepamu nisingempa. Nadhani ndiyo iliyomwangusha."

Niliiweka karatasi chini. Nikaenda chumba cha mafaili, nikalitafuta faili la mama yule. Sikuwahi kulifungua tena tangu nilipoandika kifo. Katika ukurasa wa siku alipovunjika paja, kwa mwandiko wa muuguzi wa zamu, kulikuwa na mstari mmoja: amewekewa mpira wa mkojo kwa sababu hawezi kukaa kwenye beseni, umetoka lita moja na nusu.

Lita moja na nusu. Ndiyo maana akili ilirudi kesho yake. Mstari ule ulikuwa pale kila asubuhi nilipopita kitandani, nami nilisoma joto na mapigo ya moyo tu.

Siku ya kurudisha karatasi nilimwita yule mwanafunzi, nikamwuliza amejuaje.

"Mbele ya kuanza udokta mi nilikuwa muuguzi, miaka kumi na moja," alisema. "Muzee akishuka-shuka ku kitanda, shiye tulikuwa tunaanza na tumbo." Kisha akauliza, "Dokta, ule mama ni mutu wa kweli?"

"Ni wa kweli."

"Alipona?"

"Hapana."

Hakuniuliza nani alimtibu. Alichukua karatasi yake akatoka, na nadhani alikwisha kujua.

Nilikaa na jambo hilo majuma mawili. Mwenzangu mmoja aliniambia niliache, wafu hawafufuliwi kwa kuungama. Jumamosi moja nikapanda pikipiki hadi Musonoi. Nilimkuta binti nyuma ya meza yake ya unga, vumbi jekundu la barabara limetua juu ya magunia. Alinifahamu, akanipa kigoda.

Nilimweleza polepole. Kwamba kibofu cha mama yake kilikuwa kimefungwa na dawa. Kwamba sikulishika tumbo lake. Kwamba kidonge nilichompa mimi ndicho kilichomlegeza miguu. Nikasema, "Nakuomba musamaha, mama."

Mteja alifika; binti akampimia unga, akampa, mteja akaenda.

"Kwa hiyo alikuwa anataka kuenda kukojoa," alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa ananiambia, mi. Kwa Kiluba cha kwao Kasai, cha bazee: niache nitoke inje. Mi nikasema akili imepotea. Nilimushika mikono, Dokta. Ule usiku wote, na kesho yake. Ulinambia nimushikilie, nikamushikilia. Alilia."

Nilianza kusema kwamba kosa si lake, ni langu peke yangu, lakini aliinua kiganja chenye unga kunizuia.

"Uende tu," alisema. Hakusema kwa hasira. "Asante kwa kukuya. Lakini sasa uende."

Niliondoka. Nilipofika barabarani niligeuka, nikamwona bado ameketi na mikono yake miwili mapajani, anaitazama. Mteja mwingine alikuwa amesimama mbele ya meza akimwita, naye hakusikia.