Cheti cha Kwamba Bado Niko Kazini

Nilimwandikia meneja wa shamba letu la maua karibu na Kiirua, ambaye ni Mfaransa, kwa Kifaransa changu cha shule. Nilimwomba attestation de travail, cheti cha kuonyesha kwamba bado nimeajiriwa, nikaombee visa ya kumtembelea binti yangu Ufaransa. Akampa karani kazi hiyo. Sasa karani wetu, miaka yote, cheti huwaandikia wanaoondoka tu. Nikangoja wiki mbili nzima! Kikatoka na sahihi ya meneja, ambaye hakukisoma, na muhuri: eti niliacha kazi Ijumaa. Leo ni Jumatatu.

“Si niko hapa mbele yako?” nikafoka.

“Si ni wewe uliomba, mama?” karani akasema. “Sasa vua gambuti za kampuni.”