Ada ya Awamu ya Tatu

Mtaani walimwita Hesabu, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akimhesabia mama yake vifungo, na hakukosea hata kimoja. Mama alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye vyerehani viwili: kimoja cha kushonea na kingine cha kudarizi, kilichompa jina na wateja. Hesabu alipopata nafasi ya kusomea ufamasia ng'ambo, mama alisema, "Nenda. Mimi na vyerehani vyangu tutapambana."

Walipanga kila kitu kwenye daftari. Ada ilikuwa elfu nne za huko kila awamu, awamu tatu kwa mwaka. Mama angelipa ada. Kodi, chakula na nauli vingekuwa juu ya Hesabu mwenyewe, kwa kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka hotelini. Viza ilimruhusu saa ishirini tu kwa wiki wakati wa masomo, basi kodi peke yake ilikula nusu ya mshahara. Alinunua mkate wa jana, akatembea badala ya kupanda basi, na kila mwezi akabakiwa na kama mia na themanini.

Mwaka wa kwanza daftari lilikubali. Mwaka wa pili fedha ya nyumbani ikaanza kuporomoka. Laki tano na elfu sitini alizozoea kutuma mama, ambazo zamani zilifika elfu nne kamili, sasa zilifika elfu mbili na mia tisa. Mama alikuwa amezishikilia wiki tatu benki, akitumaini kiwango kitapanda. Kikashuka zaidi.

"Nisamehe, mwanangu. Mtu wa benki aliniambia ningoje kidogo."

"Si kosa lako, mama. Hata wao hawajui."

Awamu ya kwanza Hesabu alijazia kwa akiba ya likizo, aliporuhusiwa kufanya kazi saa zote. Awamu ya pili pengo likaizidi akiba yake kwa mia nne. Alimwambia mama, na siku tano baadaye mama akatuma mia nne. Hesabu alifurahi, akalipa, hakuuliza.

Msimamizi wa dobi alimwonea huruma. "Njoo Jumamosi na Jumapili pia. Nitakulipa mkononi, haitaandikwa popote."

Hesabu alisimama na shuka mkononi, mate yakimjaa kama mtu aliyenusa chakula. Mwenzake wa chumbani alikuwa ameshikwa kwa jambo hilohilo, akarudishwa kwao na shahada haijaisha. "Ahsante, bosi. Siwezi."

Awamu ya tatu ilipokaribia, mama alipiga simu ya video mchana. Nyuma yake ukuta ulikuwa mtupu, na sakafuni palibaki alama nne za miguu ya meza.

"Mama, cherehani cha kudarizi kiko wapi?"

"Kiko kwa fundi."

"Mama. Wewe ndiye fundi."

Mama akacheka, kisha kicheko kikamwishia. Alikuwa amekiuza kwa ajili ya ile mia nne. Na cha pili alikuwa ameshakitafutia mnunuzi. "Angalau umalize mwaka. Mimi nitashonea kwa watu."

Asubuhi iliyofuata Hesabu alikwenda ofisi ya ada. Mhasibu, mama mtu mzima aliyezungumza polepole, alimpigia mahesabu mara mbili. Mfuko wa dharura wa chuo ungempa mia tatu, mara moja tu. Kugawa deni kuliwezekana, lakini lingebaki deni, na mwaka wa tatu ada ingepanda. "Ukiahirisha, tutakutunzia nafasi mwaka mmoja. Ila viza itakatika, itabidi uondoke."

"Na cherehani kimoja kitabaki," Hesabu alisema. Mhasibu hakuelewa, akampa fomu.

Alisaini.

Mama alipoambiwa alilia kwa hasira. "Nimevua nguo nikuvishe, nawe unazitupa!"

"Ukiuza na hicho, mama, utakula nini? Na mwakani tutauza nini?"

 Mama akapenga kamasi, akasema kwa sauti ndogo, "Basi njoo na sweta. Huku kuna baridi." Hakukuwa na baridi yoyote.

Sasa Hesabu anauza dawa katika duka la mtu, anasoma maandishi ya madaktari na kuhesabu vidonge viwili viwili. Mwaka ule mmoja ulikwisha. Fedha ya nyumbani haikupanda, na chuo kikaandika barua fupi ya adabu kwamba nafasi imefutwa. Hakumsomea mama. Wateja wakija kupimwa nguo na kuuliza habari za yule msomi, mama huweka pini mdomoni, anapima bega, na kujibu, "Yupo. Yuko likizo."