Asilimia Moja ya Aiskrimu

Mke wangu alinunua kiwanda akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, simu mkononi. Nasema kiwanda kwa sababu yeye ndivyo alivyosema. Ukweli ni kwamba alinunua kipande.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, ya aiskrimu ya matunda, kwenye kibanda cha mabati kule Busanza. Ilikuwa inakusanya mtaji kwenye mtandao: watu wengi, kila mmoja na alichonacho, na kila mmoja anapewa hisa. Mke wangu alikuwa akiiuzia kampuni marakuja, matunda ya pasheni, kutoka shamba la ndugu zake wa Ndera, kwa hiyo aliwajua. Mimi ni fundi cherehani wa Biryogo, hapa Kigali, shule niliiacha mapema, na jambo la kununua kitu usichokishika halikuniingia. Alinisomea onyo lililoandikwa kwa rangi nyekundu.

"Unaweza kupoteza fedha zako zote. Huenda usipate mtu wa kukununulia hisa zako. Umiliki wako unaweza kupungua."

"Na unabonyeza?" nikamuuliza.

"Baba, wameniambia mabaya yote mapema. Wewe uliponioa uliniambia nini?"

Akabonyeza. Pesa zilikaa benki zikisubiri. Kama kiasi walichokitaka kisingetimia, kila mtu angerudishiwa chake. Kikatimia. Hisa zote za kampuni zilikuwa elfu ishirini, na mia mbili zikawa zake. Asilimia moja.

Kuanzia hapo hatukuweza kutembea naye kwa amani. Ile pikipiki ya miguu mitatu ya kuuzia aiskrimu ikipita, anaisimamisha na kulikagua gurudumu. "Upepo umepungua hapa. Mimi ni mwenye mali." Muuzaji anacheka, na yeye analipa kama watu wengine, kwa sababu mwenye hisa hali bure. Alikuwa anakula taratibu na kuniambia, "Hizi hisa ni vyombo vya binti yetu. Siku akiolewa, uza."

Huku kwetu binti haendi kwa mume mikono mitupu. Baba anamtoa na kitanda, kabati, vyombo vya jikoni. Mama yake alikuwa amekwisha kupanga.

Kisha akafa, na sitaeleza sana. Alikuwa mzima siku ya Ijumaa, na Ijumaa iliyofuata tulikuwa tunapokea watu wa rambirambi. Simu yake niliiweka kwenye droo ya cherehani. Sikuizima, iliisha chaji yenyewe. Familia ilikubaliana hisa ziandikwe kwa jina langu nizitunze, karatasi zikachukua miezi, na mimi nikaendelea kushona suti za watu wengine wanaooa.

Binti yetu akaja kuniambia kuwa amepata mchumba. Alikuwa ameshika kitambaa cha meza, anakikunja na kukikunjua. Nilifurahi mpaka nikajichoma sindano. Siku ya pili nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Busanza kuuza kiwanda.

Mwenye kampuni ni dada kijana aliyelelewa Uganda, anasema haraka, nywele amezifunika kwa kofia ya wavu. Alinikalisha juu ya kreti.

"Mzee, mimi siwezi kuzinunua. Pesa ya kampuni yote iko kwenye matunda na kwenye friza."

"Basi ule mtandao uliotuuzia."

"Ule ulikuwa mlango wa kuingilia tu. Hakuna soko la hisa zetu. Lazima utafute mnunuzi mwenyewe. Na katiba ya kampuni inasema uwape kwanza wanahisa wenzako. Wakikataa, unaweza kumpa mtu wa nje, lakini si kwa bei ya chini kuliko ile uliyowapa wao. Na bodi imkubali."

"Na asilimia yangu moja ni nzima?"

Akaangalia chini. "Ni sifuri nukta nane, mzee."

Nikasimama. Nilidhani panya wamekula. Akanikalisha tena. Walikuwa wametoa hisa mpya elfu tano kwa mwekezaji mmoja na wanahisa wachache, wakajenga chumba cha baridi. Kwa hiyo sasa hisa zote ni elfu ishirini na tano. Zangu bado mia mbili. Hakuna aliyezigusa, ila sinia limekuwa kubwa.

"Wanahisa wote wa zamani walipewa nafasi ya kununua kwanza, kila mtu kwa kiasi chake. Mama angechukua hamsini angebaki kwenye moja. Tulimwandikia kwenye simu. Hatukuwa tumejua…"

Droo ya cherehani. Yule dada akaniletea aiskrimu kwenye kikombe.

Halafu akaniambia neno lililonivuruga: zile hisa mpya ziliuzwa kwa bei ya juu kuliko ile aliyonunulia mke wangu. Kwa hiyo kipande changu ni kidogo zaidi na kina thamani kubwa zaidi.

"Kwenye karatasi," akaongeza. "Bila mnunuzi, hiyo bei ni hadithi."

Niliondoka nikiwa nimepungua na kuongezeka asubuhi moja, na ulimi wangu ni wa rangi ya marakuja. Nilicheka njiani. Dereva wa moto akaniuliza kama nimepata mtoto.

Usiku ule niliichaji simu. Ujumbe wao ulikuwepo, wa heshima, na tarehe ya mwisho imeshapita. Chini yake kulikuwa na ujumbe wangu mwenyewe wa zamani ukimwomba alete uzi mweusi. Nikaizima.

Niliwapa wanahisa wenzangu kwanza, kwa bei ileile aliyonunulia marehemu. Muda wao ukaisha, hakuna aliyejitokeza. Basi nikaanza kuzitafutia soko kwa watu wa nje, na hapo dada yangu mkubwa alitaka kunipiga kwa mwiko.

Mteja mmoja wa Nyarutarama alikuja kupunguza suruali. Alisikia kiwanda, macho yakawaka. Nikamweleza: kampuni haijatoa gawio hata mara moja, umiliki wangu ulipungua na wako unaweza kupungua, na ukitaka kutoka utahangaika kama mimi ninavyohangaika sasa.

"Fundi," akasema, "unauza au unafukuza?"

Akachukua suruali yake akaenda. Dada yangu alikuwa anasikia kutoka chumba cha nyuma.

"Wewe! Ukipewa maji uuze, utasema yanalowesha!"

"Si yanalowesha?"

"Mtoto atalala chini! Atalala chini kwa sababu baba yake ana mdomo mnyoofu!"

Hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Siku ya posa ilifika nikiwa na mapazia niliyoyashona mwenyewe, foronya za kutosha ukoo mzima, na hakuna kitanda.

Asiyejua posa zetu lazima aelezwe jambo moja. Wazazi hawasemi. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji wanataniana: huyu anajifanya hana binti, yule anadai ng'ombe wake wanaziba barabara. Kila mtu anajua ni mchezo, na anayeongopa vizuri ndiye anayepigiwa makofi. Msemaji wetu alikuwa jirani yangu muuza vitambaa, mtu ambaye hata bei ya khanga huanza kwa kiapo.

"Mnaomba binti gani?" akawauliza wageni. "Huyu mwenye kiwanda? Aiskrimu yote mnayoiona Kigali, kuanzia uwanja wa ndege mpaka Nyabugogo, ni ya kwake! Mkimchukua mji utapata joto!"

Watu wakashangilia. Nami nikakohoa. Akaendelea na magari ya baridi, na meneja wa kizungu. Nikaona nikinyamaza, wakwe wataondoka na meneja wa kizungu vichwani mwao. Miguu yangu ikasimama.

"Samahani," nikasema. "Si kiwanda. Ni asilimia sifuri nukta nane. Ilikuwa moja, ikapungua. Na haiuziki."

Dada yangu alijifunika uso kwa mtandio. Jirani yangu alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kipaza sauti na maiti.

Halafu kicheko kikapasuka kutoka upande wa wageni, kikavuka kwetu, mpaka watoto waliokuwa dirishani wakacheka bila kujua sababu. Msemaji wao, mzee wa Ndera, alifuta machozi.

"Jamani, tumekwenda posa nyingi. Haijapata kutokea baba akapunguza mali mbele ya wageni! Mzee, binti ana kasoro gani? Tuambie yote leo!"

"Anachelewa kuamka," nikajibu, kwa sababu aliniuliza. Binti yangu alikuwa amejificha ndani kama desturi, lakini nilimsikia akipiga kelele: "Baba!"

Baada ya chakula shangazi wa bwana harusi alinifuata. Mwanamke mnene, mwenye sauti, amerudi kutoka Tanzania na anakodisha viti na mahema ya harusi.

"Haya, mkwe. Hiyo sifuri nukta nane. Ni tamu?"

"Tamu sana."

"Inapata faida?"

"Mwaka jana kidogo. Yote ilirudi kwenye kazi. Hesabu zao ninazo, nitakupa usome. Lakini dada, ukiingia hutoki."

"Ndoa je?" akasema. "Nimo humo miaka mingi, mbona hakuna aliyenisomea onyo? Nitachukua nusu."

"Unaweza kukaa nazo miaka. Unaweza kupoteza yote."

"Nimesikia, na mtaa mzima umesikia! Mimi nanunua aiskrimu kwa kila harusi ninayohudumia. Nataka nikienda pale niangalie gurudumu kama mwenye mali."

Sikuwa nimemwambia habari ya gurudumu. Labda binti alimsimulia mchumba wake. Ilibidi nigeuke kidogo niuangalie mti wa ua.

Alisoma hesabu wiki nzima, akauliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu, tukaenda naye Busanza akajibiwa. Bodi ikamkubali. Akanunua hisa mia moja kwa bei ileile, ya mke wangu, faranga kwa faranga. Zilizobaki tuliziandika kwa jina la binti: sifuri nukta nne, na nafasi ya kungoja. Nilimwonya kwamba zinaweza zisimpe kitu. Akasema anajua, na kwamba ujumbe wa kampuni utakuja kwenye simu yake, nayo ina chaji.

Kitanda nilikinunua cha mbao nzito, na kabati la milango mitatu. Tulivipakia kwenye gari dogo la mizigo, mimi nikapanda nyuma kushikilia godoro. Tulipoteremka kutoka Biryogo ile pikipiki ya aiskrimu ilikuwa inapanda. Nikapiga ubavu wa gari, dereva akasimama.

"Upepo!" nikamwambia muuzaji, nikimwonyesha gurudumu la nyuma. "Upepo umepungua hapo."

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

Sikuwa tena mwenye mali, hata nukta moja. Nikamwambia hivyo. Nikanunua mbili za marakuja, nikalipa, nikala zote mbili juu ya godoro.