Kidole Juu ya Swali

Utotoni nilikuwa mtu wa hasira za karibu, na hadi leo wajukuu wananicheka kwa hilo. Darasani hasira yangu ilikuwa moja: kuona mvulana anamaliza kuandika kabla yangu. Darasa la nane wasichana tulikuwa wawili tu, nami nilijipa kazi ya kuwaonyesha wavulana wote wa ukingo wa mto Tana, toka Ndera hadi Wema, kwamba mkono wangu ni mwepesi kuliko mikono yao. Mwalimu wetu aliniangalia tu. Kiburi si maungwana, alikuwa akisema, lakini hakutaja jina la mtu.

Baba alikuwa ameniwekea sharti lake waziwazi. Nikifaulu mtihani wa mwisho, ataniruhusu niende chuo cha ualimu. Nikishindwa, narudi dunguni. Dungu letu lilisimama katikati ya mpunga, na huko juu nilikuwa nimekaa misimu mingi nikirusha vibonge vya udongo na kuwapigia ndege kelele toka alfajiri hadi jua linapotua. Nililipenda shamba letu, lakini ndege wale sikuwapenda hata kidogo.

Katika majaribio ya darasani tuliulizwa juu ya hasara za mafuriko. Nikajaza karatasi mbili, nikaifunga chupa ya wino kabla ya wote, nikakunja mikono. Karatasi iliporudi, pembeni ilikuwa na neno moja la wino mwekundu lililorudiwa mara saba: Wapi? Wapi? Wapi? Alama nilizopata zilinitoa machozi ya hasira. Nilikuwa nimeandika kwamba mafuriko huharibu mazao na kuhamisha watu, basi. Nikamfuata mwalimu nje.

"Mwalimu, unaniuliza wapi? Si wewe mwenyewe tulikutoa nyumbani kwako kwa mtumbwi, na godoro lako kichwani?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. "Binti yangu, mimi nilikuwepo. Atakayesahihisha hakuwepo. Huyo yuko mbali, na katika mto huu hajawahi hata kunawa uso. Sisi watu wa mtoni tuna ugonjwa mmoja: tunadhani kila mtu anajua tunachokijua. Kila ukisema jambo, mpe mahali, mpe aliyeona, mpe kilichotokea. La sivyo umesema tu."

Toka siku hiyo akatufundisha kazi ya dakika tano za mwisho, na alitufundisha kwa ukali kama mtu anayefundisha kuogelea. Chini ya kila jibu, acha mistari mitupu. Zikibaki dakika tano, usiandike aya mpya ya kupendeza na usipambe mwandiko. Weka kidole cha mkono wa kushoto juu ya swali, uende nacho neno kwa neno. Kila penye kitendo, kama eleza, taja au toa mfano, simama, na kwa mkono wa kulia tafuta penye jibu lake. Hupaoni? Jaza kwenye mistari mitupu, sentensi fupi. Kisha pitia kila ulichodai na ukiulize: umejuaje? Mimi niliona kidole kile ni cha watoto wa darasa la kwanza. Nilifanya kwa kuwa alisimama nyuma yangu.

Mtihani wenyewe tuliufanyia upande wa Golbanti, vuli ikiwa imeanza na mto umejaa rangi ya chai ya maziwa. Msimamizi alikuwa mwalimu mgeni kwetu, mwenye saa kubwa ya mkononi na sauti ndogo. Swali nililolichagua lilikuwa la Kiingereza, lakini kwa maneno yetu liliuliza hivi: Eleza faida moja na hasara moja ya mto kwa wakulima, na vilevile kwa wafugaji, wa wilaya yenu. Toa mfano kwa kila jambo. Pendekeza njia moja ya kupunguza hasara.

Nilifurahi hadi nikajizuia nisicheke. Mto! Nani wa kuniambia habari za mto? Niliandika udongo mweusi unaoachwa na maji, nikaupa mfano wa shamba letu karibu na Wema ambalo halijawahi kutiwa mbolea. Nikaandika mafuriko yanavyoozesha mpunga. Nikapendekeza watu wapande mbegu nyingine kwenye sehemu za juu. Kalamu yangu ilikwenda mbio, wino ukinirukia vidoleni. Nikafunga chupa, nikakunja mikono, nikawatazama wavulana waliokuwa bado wameinama. Raha iliyoje!

"Dakika tano," alisema msimamizi.

Sikuwa na haja nazo. Lakini kidole cha kushoto kilikwishakwenda chenyewe juu ya swali, kwa mazoea tu, kama mguu unavyoijua njia ya kisimani. Kikapita "faida", kikapita "hasara", kikapita "wakulima". Kikafika "wafugaji", kikasimama.

Katika jibu langu lote hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Nusu nzima ya swali nilikuwa nimeiruka, kwa sababu kwetu ukisema mto umesema shamba, na majirani zetu Waorma, wafugaji wa ng'ombe, walikuwa hawajanijia hata akilini. Na kule kwenye mpunga uliooza, umejuaje? Hapakuwa na mfano. Nililiona dungu wazi kabisa, na ndege wake.

Nilifungua chupa kwa meno. Ndipo alipokuja kichwani mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa akileta maziwa kwenye kivuko cha Garsen, tukibadilishana naye kwa mahindi. Aliwahi kumweleza mama yangu, nami nimesimama pale na kibuyu, kwa nini msimu fulani hana maziwa. Nikaandika alivyosema, bila mapambo: maji yakishuka huacha nyasi mbichi wakati wa kiangazi, ndiyo maana wafugaji huleta ng'ombe mtoni, na maziwa huwa mengi kivukoni Garsen. Maji yakijaa, mbung'o na matope huwaua ng'ombe, na mama ninayemjua alipoteza ndama wawili kabla ya kuwahamishia ng'ombe wake nyanda za juu. Kwa wakulima, mwaka uliopita mpunga wa mjomba wangu ulikaa ndani ya maji mpaka ukaoza wote. Mistari mitupu ilinitosha kwa shida. Nilitia nukta, na msimamizi akasema, "Kalamu chini."

Karatasi za mtihani hazirudi, kwa hiyo sitajua kamwe alama zilitoka wapi. Najua tu kwamba matokeo yalipotoka mwalimu alikuja kwetu kwa mtumbwi akiimba, na kabla hajafika ukingoni baba alikwisha kuelewa. Mama alipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka toka kwenye mpunga bila kibonge hata kimoja. Nilimkumbatia mwalimu mbele ya watu, nikamwambia kidole kile kimeniokoa.

Wiki ile nilikwenda Garsen kumtafuta mama wa maziwa. Nilimkuta amekaa na vibuyu vyake. Nikampa habari yote: swali, dakika tano, nyasi, mbung'o, ndama wake wawili. Alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa.

"Wewe andika ndama yangu kufa?"

"Niliandika, mama."

"Andika nyasi?"

"Niliandika."

"Na maziwa yangu, andika tamu?"

"Niliandika ni mengi, mama. Matamu sikuandika."

"Haya," alisema, akanijazia kibuyu hadi mdomoni. "Kunywa kwanza. Halafu rudi kule, jaza. Bado jibu yako haijaisha."