Weka Namba ya Mtu Atakayekusindikiza

Kazi yangu ni kuharibu. Ndivyo nilivyomweleza mama mwenye nyumba wangu wa Mwananyamala aliponiuliza naenda kufanya nini Mikocheni kila asubuhi na simu zote zile mkobani, na nadhani tangu siku hiyo hakuniazima tena vyombo vyake. Lakini ni kweli. Watu wakitengeneza zile menyu za simu za nyota na reli, unazopiga hata kama huna bando, mimi ndiye ninayezijaribu kabla hazijawafikia wenyewe. Menyu ikisema chagua moja au mbili, naandika saba. Ikitaka namba, naandika jina. Natuma jibu tupu. Au naiacha mkononi bila kuijibu mpaka mtandao uchoke na kuikata. Ikianguka, nafurahi. Na zipo siku, nisiseme uongo, ambazo menyu ndiyo pekee iliyonikaribisha: "Karibu. Chagua huduma."

Menyu ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kujiandikisha kwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kliniki moja ilikuwa inaleta madaktari kwa muda mfupi, na nafasi ziligawiwa kwa simu. Unaandika jina, umri, jicho lipi, unachagua siku, kisha skrini ya mwisho inakuambia: "Weka namba ya mtu atakayekusindikiza." Kliniki waliling'ang'ania hilo na walikuwa na haki. Mtu anatoka pale jicho limefunikwa, huwezi kumwacha avuke barabara peke yake. Bila namba ya msindikizaji, hupati nafasi.

Skrini hiyo niliijaribu nilivyozijaribu nyingine. Niliandika namba pungufu, ikakataa. Nikachanganya namba na herufi, ikakataa kwa adabu na kunirudishia swali lilelile. Nikaandika namba yangu mwenyewe, ikajibu: "Hiyo ni namba yako. Weka ya mtu mwingine." Nilicheka peke yangu, mashine imekuwa na kiburi. Mwisho nikaweka namba ya laini ya ofisi iliyokuwa kwenye droo, ikakubali, nikaandika kwenye ripoti kwamba imefaulu.

Tulipoipeleka kwa watu halisi, kwa kundi dogo na nafasi za kweli, wengi waliishia hapo. Walijaza jina, umri, jicho, siku, halafu kimya. Mwenzangu anayeandika programu, kijana mpole asiyevua spika za masikioni, alisema ni muda. Wagonjwa wa macho wanasoma polepole, wanaandika kwenye simu za kitochi za vibonyezo, na mtandao haumsubiri mtu. Hoja yake ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba kwa njia tuliyounganishwa nayo, mtu akiishiwa muda na mtu akibonyeza kitufe chekundu kwa makusudi, kwetu ni kimya kilekile. Hatuwezi kujua nani amekatwa na nani ameondoka.

Basi akafupisha maneno. Akafanya pia mfumo ukumbuke ulichokwisha kujaza, ili ukikatika na kupiga tena ukute: "Karibu tena. 1. Endelea. 2. Anza upya." Ukichagua moja, inakurudisha palepale ulipoachia. Niliijaribu kwa ukatili wangu wote. Nilizima simu katikati, nikatoa laini, nikaingia kwenye kona ya stoo ambayo mtandao haufiki. Kila nikirudi inanikumbuka. Sikuweza kuiangusha, na kwa kweli niliipenda.

Nikatumwa Vingunguti kuitazama mikononi mwa mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mama muuza supu, jirani na machinjioni, aliyekuwa miongoni mwa walioishia njiani. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe kabisa. Nilimkuta anakata utumbo, kidole kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Supu au chapati?"

Nikamweleza shida yangu. Akapangusa mikono kwenye kanga, akatoa kitochi chake.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema, "ila mie macho yenyewe ndo hayo. Kaa hapo."

Kwa kuwa kumbukumbu ya mfumo ilikuwa mpya, ilibidi aanze upya. Aliandika jina lake herufi kwa herufi, simu karibu igusane na pua. Kwenye umri, simu ikaandika herufi badala ya namba, nikamwonyesha abonyeze reli ibadilike. Kwenye siku alikawia, muda ukaisha, ikakatika. Akapiga tena, akachagua moja, akajikuta kwenye siku. Moyo wangu ulifurahi mno, nikatamani mwenzangu angekuwepo aone kazi ya mikono yake.

Ikaja skrini ya msindikizaji. Mama akaisoma. Akainua kichwa, akaangalia sufuria.

"Imekata," akasema.

Akapiga tena. Moja. Mfumo wetu wenye kumbukumbu nzuri ukamrudisha hapohapo: "Weka namba ya mtu atakayekusindikiza."

"Imekata tena. Mtandao wenu mbovu nyie."

Sasa mimi nina hasira za karibu. Mtu akiisingizia kazi niliyoijaribu mwenyewe, siwezi kunyamaza.

"Mama, samahani. Haijakata. Mie nimekuona umebonyeza nyekundu."

Mteja akaja, akamhudumia, akamwongezea ndimu, akamsindikiza kwa maneno mawili matatu mpaka akaenda zake. Nilikuwa bado nimekaa kwenye benchi nikijuta mdomo wangu.

"Haya niambie wewe," akasema bila kunigeukia. "Nimwandike nani?"

Akashika tena kisu, akarudia kukata utumbo.

"Baba watoto nilishamzika. Mwanangu alienda kutafuta maisha, namba yake haipatikani. Majirani wana shughuli zao, na mtu kukushika mkono siku nzima si chumvi useme naomba kidogo. Na hili la kulia nalo limeanza. Juzi nimejikata kidole, sikukiona kisu. Likifunga na hili, supu nitaipikaje?"

Nikaelewa tulichomfanyia. Zamani alikuwa na njia ya kujidanganya: pengine akipiga tena mambo yatakwenda tofauti. Sisi tukamwekea kumbukumbu. Kila akipiga, baada ya kukaribishwa, kitu cha kwanza anachoulizwa ni kama ana mtu.

"Weka namba yangu," nikasema.

Akanitazama kwa jicho la kulia, na alinitazama kwa huruma, jambo lililoniudhi.

"Mwanangu, wewe uko kazini. Kesho utakuwa kwingine na menyu nyingine."

Alisema kweli na iliniuma. Nilikunywa supu yake nikaondoka.

Ofisini nilisema bila kuzunguka kwamba watu hawakatwi, wanaondoka. Kliniki walipoelezwa walikubali upesi kuliko nilivyotegemea: wana wahudumu wa kujitolea, asiye na mtu atapewa mmoja. Mwenzangu akaongeza chaguo chini ya swali. Unaweza kuandika namba ya msindikizaji, au kubonyeza moja kwenye maneno "1. Sina mtu."

Ilikuwa Ijumaa, wenye kusali wamekwenda kusali na wengine wamekwenda kula. Nikabaki na simu zangu mezani. Kazi ilikuwa ndogo: piga, fika mwisho, bonyeza moja, ona kama inapokea. Nikafika mwisho. "1. Sina mtu."

Kidole hakikwenda.

Nilijiambia ni majaribio tu, hata jina nililojaza ni la uongo. Lakini simu ilikuwa mkononi mwangu, namba ni yangu, na mimi nimehamia mji huu kutoka bara kwa ajili ya kazi, na wanaonipigia ni ofisi na watu wa ofa. Nilitafuta kichwani nani ningemwandika kama swali lingekuwa langu kweli. Nilitafuta mpaka menyu ikakatika yenyewe. Nikainama mezani nikalia, halafu nikanawa uso kabla hawajarudi.

"Hii imefeli," nikamwambia mwenzangu.

Akavua spika. "Imekataa kupokea moja?"

"Haijakataa. Ila hakuna atakayeibonyeza."

"Kwani si ndo ukweli wenyewe? Kama hana, hana."

"Wewe ungeibonyeza?"

Mke wake humpigia kila mchana kumuuliza amekula nini, na pale pale simu ikaanza kuita. Akaiacha iite.

"Tuandike nini?" akauliza.

Tulibishana mpaka jioni juu ya maneno matatu. Mwisho ikawa: "1. Nipangiwe na kliniki." Ilienea kwenye skrini, na hii niliweza kuibonyeza.

Nilirudi Vingunguti usajili ukikaribia kufungwa. Mama hakuwa na hamu, ila alipiga ili nisije nikamganda tena. Akachagua kuendelea. Akaisoma skrini midomo ikicheza, akarudia kuisoma. Kisha kidole kile chenye kitambaa kikabonyeza moja, akatuma. Ikajibu: "Umeandikishwa. Utapigiwa simu kabla ya siku yako. Asante."

"Kumbe watu wanao?" akaniuliza.

"Wanao, mama."

"Sasa si mngesema."

Siku yake niliijua kwa sababu nilikuwa nimekaa pembeni alipoichagua. Niliomba ruhusa ofisini nikasema nakwenda kuhakikisha huduma inafanya kazi hadi mwisho. Nilibeba maji ya kunywa na mwavuli mkubwa wa kumkinga jua. Njia nzima nilikuwa na wazo moja baya, nami nalisema kama lilivyokuwa: nilitamani wamsahau. Nilitamani nimkute amekaa peke yake kwenye benchi la kungojea, huduma yetu imefeli kwa mara ya kwanza bila mimi kuifelisha, nimshike mkono mimi.

Hawakumsahau. Nilimwona anatoka mlangoni, jicho la kushoto limefunikwa kwa bandeji nyeupe, ameshikwa mkono na dada mmoja mwenye kizibao cha kliniki. Walikuwa wanacheka. Dada anamwelekeza ngazi, mama anampiga kofi dogo la begani, anamwambia mie si kipofu bwana, ndo kwanza nimetengenezwa.

Niliwasogelea, mwavuli ukiwa umefungwa.

"Shikamoo mama."

Akaitambua sauti kabla ya sura.

"Ee! Mtoto wa menyu! Marahaba, marahaba. Umeona? Wamenitoa mtoto wa jicho, sasa nimekutana na mtoto wa menyu." Wote wawili wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu akautazama mwavuli, akaitazama chupa ya maji, akafurahi kwa ajili yangu.

"Na wewe umemsindikiza nani?"

Akanyoosha shingo, akaanza kumtafuta nyuma yangu.