Jicho la Recho

Odilia alitoka Kibondo hadi studio ya Hilali, Kasulu, na picha ya kwaya. Ndiyo pekee aliyokuwemo Recho, bintiye aliyemzika juzi.

"Mwanangu, nataka uso wa Recho ujae kadi nzima ya kumbukumbu," akamwambia Hilali.

Hilali aliipiga picha ile kwa simu, akaukata uso na kuukuza. Ukavurugika kama uji. Akaupitisha kwenye programu ya kusafisha. Ukang'aa, macho yote wazi.

"Huyu nani?" Odilia akashtuka. "Recho alifinya jicho moja, jua lilikuwa kali!"

Hilali akafuta. Akaiskani picha yenyewe kwa ubora wa juu, akaukuza uso kidogo tu, ukawa na ukubwa wa picha ya pasipoti.

"Nikizidisha hapa, mama, anapotea."

Odilia akaligusa jicho lile kwenye kompyuta.

"Basi mwache mdogo. Nisimpoteze tena."